Shajara ya mradi: kufupisha ripoti ya athari za dampo kwa wajumbe wa kamati

Shajara hii inahusu kazi moja: kuifupisha ripoti ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira, yenye kurasa zaidi ya 600 pamoja na viambatisho, katika muhtasari wa kurasa nne ambao wajumbe wa kamati ya mipango na mazingira ya manispaa wataweza kuusoma kabla ya kikao na kuutumia kufanya uamuzi. Mradi unaotathminiwa ni dampo jipya la taka ngumu. Namba za eneo nimezibadilisha ili mahali pasitambulike, ila nimehakikisha kwamba hesabu zinazotokana nazo zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe.

Jumatatu: wapi pa kuanzia kusoma

Kabla ya kufungua ripoti tulijiuliza kamati inaombwa nini hasa. Ina njia tatu: kupendekeza mradi ukubaliwe, kupendekeza ukataliwe, au kupendekeza ukubaliwe kwa masharti. Njia ya kwanza na ya pili hazihitaji maelezo marefu, lakini ya tatu humlazimu mjumbe ajue ni jambo gani katika mradi linategemea jambo gani, kwa sababu sharti zuri ni lile linalokaza mahali ambapo usalama wa mradi wote umening'inia. Kwa hiyo muhtasari wetu unapaswa kuwaonyesha wajumbe mahali hapo, hata kama itabidi sura nzima za ripoti zipewe sentensi moja moja.

Ripoti ina muhtasari wake mwenyewe mwanzoni, wa kurasa 28, ulioandikwa na mshauri aliyefanya tathmini. Tumekubaliana kuusoma mwisho. Si kwamba ni mbaya. Umeandikwa kwa ufasaha. Tatizo ni kwamba msomaji akianza nao hubeba mahitimisho yake hadi ndani ya sura, na kila jedwali analolikuta huliona kuwa ni uthibitisho. Sisi tunaanza na Mpango wa Usimamizi wa Mazingira, ulio karibu na mwisho wa ripoti, kwa sababu ndimo zilimo ahadi: nani atafanya nini, kwa fedha ipi, hadi lini. Baada ya hapo tunarudi kwenye sura za athari, kisha viambatisho vya vipimo.

Kazi hii tunaifanya maafisa wawili, mimi kutoka upande wa mazingira na mwenzangu ambaye ni mhandisi wa maji. Kila tunachoandika kinawekewa namba ya ukurasa wa ripoti palepale, hata katika rasimu chafu. Mheshimiwa diwani akiuliza kwenye kikao, "Hili limeandikwa wapi?", jibu lisitafutwe.

Jumatano: jedwali la uzito wa athari

Leo tumefika kwenye jedwali ambalo wasomaji wengi wa ripoti za namna hii huishia hapo. Athari 41 zimeorodheshwa, na kila moja imepewa alama mbili, ya ukali kuanzia 1 hadi 5 na ya uwezekano kuanzia 1 hadi 5. Alama hizo huzidishwa, na matokeo hupewa daraja: ndogo, ya kati au kubwa. Kila athari inakadiriwa mara mbili, kwanza kama hakuna kitakachofanyika kuizuia, kisha baada ya hatua za kupunguza athari. Katika safu ya mwisho, athari 38 kati ya 41 zimeandikwa "ndogo" na tatu "ya kati". Hakuna iliyobaki "kubwa".

Muhtasari wa haraka ungesema hivyo tu, na usingekuwa umesema uongo. Lakini tulipozifungua alama zenyewe tukakuta kwamba "ndogo" hizo 38 si za aina moja. Kelele za magari ya taka, kwa mfano, zilianza na ukali 2 na uwezekano 4, zao 8. Baada ya kupanga saa za kupita, uwezekano ukashuka hadi 2, zao 4. Uchafuzi wa maji ya chini ya ardhi ulianza na ukali 4 na uwezekano 4, zao 16, ambayo ni daraja la kubwa. Baada ya hatua za kupunguza, uwezekano ukashuka hadi 1 na zao likawa 4. Kwa jedwali, kelele na uchafuzi wa visima sasa vina alama sawa na jina moja.

Tofauti yake imo katika alama ya ukali, ambayo kwa visima haikubadilika hata kidogo. Kabla ya hatua za kupunguza ilikuwa 4, na baada yake ni 4. Maana yake, endapo uchafuzi utatokea, utakuwa na madhara yaleyale makubwa. Kilichoshuka ni makisio ya uwezekano wake tu, na makisio hayo yameshuka kwa kuamini kwamba hatua zote zitatekelezwa na zitafanya kazi. Athari ya kelele ikizidi makadirio, magari hupangiwa saa nyingine wiki inayofuata. Maji ya chini ya ardhi yakichafuka, hakuna wa kuyapangia saa.

Kuzidisha alama hizi kuna udhaifu wake pia, ingawa ni desturi iliyoenea. Alama ya 4 haina maana ya mara mbili ya 2. Ni nafasi katika mpangilio tu, kama mshindi wa kwanza na wa pili, na kuzidisha nafasi hutoa namba inayoonekana sahihi kuliko ilivyo. Hatutalieleza hili kwa wajumbe. Tutaacha kabisa kuwaonyesha zao la alama, na badala yake tutaandika ukali na uwezekano kwa maneno, kila kimoja peke yake. Kwa visima tumeandika: "Visima vikichafuka, madhara yatakuwa makubwa na ya muda mrefu. Ripoti inaona kwamba uwezekano wa kutokea hivyo ni mdogo, mradi mambo matatu yatekelezwe kwa ukamilifu." Kazi iliyobaki ni kuyataja mambo hayo matatu kwa namna ambayo mjumbe anaweza kuyafuatilia.

Tumezipitia athari zote 41 kwa jicho hilo moja: ni zipi zimeshushwa daraja huku ukali ukibaki 4 au 5? Zimebaki nne. Nazo ndizo zitakazochukua kurasa mbili kati ya nne tulizonazo.

Ijumaa: mambo matatu yanayobeba neno "ndogo"

Dampo la kisasa hujengewa sakafu isiyopitisha maji kwa urahisi. Mvua inayonyesha juu ya taka, pamoja na unyevu wa taka zenyewe, hushuka ikibeba chumvi, amonia na vitu vilivyooza, na kufika chini ikiwa maji machafu mazito tunayoyaita mchuruziko. Mradi huu umependekeza sakafu ya matabaka mawili: mfinyanzi ulioshindiliwa wenye unene wa mita 1, na juu yake karatasi nzito ya plastiki yenye unene wa milimita 1.5. Juu ya karatasi kuna kokoto na mabomba yaliyotobolewa, ambayo hukusanya mchuruziko na kuupeleka kwenye shimo, na kutoka hapo pampu huuvuta hadi kwenye mabwawa ya kuusafishia.

Jambo la kwanza kati ya matatu ni ubora wa sakafu hiyo, na ripoti imelishughulikia vizuri. Jambo la pili ni pampu. Ripoti inasema, katika sentensi moja ndani ya aya ndefu, kwamba kina cha mchuruziko juu ya sakafu hakitazidi sentimita 30 wakati wowote. Kiwango hicho si cha kubuni. Kanuni za Marekani za madampo ya taka za mijini nazo zinaweka kikomo cha sentimita 30. Ila sentensi hiyo inabeba mzigo mkubwa kuliko urefu wake, kwa sababu maji yaliyosimama juu ya sakafu ndiyo yanayosukuma mengine kupenya.

Nilimwomba mwenzangu anikokotolee tofauti yake. Alichukua mfinyanzi pekee, kana kwamba karatasi ya plastiki haipo, na kiwango cha upenyezaji kilichotajwa katika ripoti, yaani mita 1 × 10⁻⁹ kwa sekunde. Mchuruziko ukiwa na kina cha sentimita 30, maji yanayopenya ni takribani lita 1,100 kwa hekta kwa siku. Pampu ikisimama hadi mchuruziko ukafika kina cha mita 3, yanakuwa takribani lita 3,500. Karatasi ya plastiki ikiwepo na ikiwa nzima, kiasi hicho hupungua sana na kubaki kile kinachopita kwenye matundu na viungo vilivyochomelewa vibaya. Lakini hata hapo, kina kikiongezeka, kila tundu huvujisha zaidi.

Kisha tukaenda kwenye bajeti ya Mpango wa Usimamizi. Pampu imo, moja. Pampu ya akiba haimo, jenereta haimo, na gharama ya umeme imewekwa kwa miaka ya uendeshaji wa dampo pekee. Lakini mchuruziko haukomi siku ambayo lori la mwisho linamwaga taka. Dampo lililofungwa huendelea kuutoa kwa miongo kadhaa, na amonia ni miongoni mwa vitu vinavyochelewa sana kuisha ndani yake. Hili tumelitenga kama swali la kumwandikia mshauri, kwa sababu kazi ya muhtasari ni kusema ripoti ina nini na haina nini, na hatuwezi kusema haina mpaka tuwe tumeuliza kama imo mahali tusipopaona.

Jambo la tatu ni ufuatiliaji wa maji ya chini ya ardhi, nalo limenikalia akilini kuliko yote.

Jumatatu iliyofuata: hesabu ya miaka

Visima vya wananchi vilivyo karibu zaidi, upande ambao maji ya chini yanaelekea, viko mita 900 kutoka kwenye ukingo wa dampo. Ripoti inasema dampo litatumika kwa miaka 15, na kwamba maji ya chini yatapimwa kwa muda wote huo na kwa miaka 5 baada ya kufungwa. Jumla ni miaka 20. Sentensi hizi mbili ziko katika sura tofauti, na hakuna mahali zimekutanishwa.

Ili kuzikutanisha unahitaji kasi ya maji ya chini, ambayo imo katika kiambatisho cha vipimo vya ardhi. Kanuni yake ni fupi: uwezo wa mchanga kupitisha maji, mara mteremko wa maji ya chini, gawanya kwa sehemu ya nafasi wazi kati ya chembe za mchanga.

```
v = K × i / n = 2 × 0.01 / 0.2 = 0.1 m kwa siku
```

Mita 0.1 kwa siku ni kama mita 36 na nusu kwa mwaka. Kwa umbali wa mita 900, maji yangechukua takribani miaka 25. Kwa hiyo, hata uvujaji ungeanza siku ya kwanza ya dampo, usingefika kwenye visima hivyo kabla ya ufuatiliaji kukoma. Miaka 20 ya matokeo safi kwenye visima vya wananchi isingethibitisha chochote kuhusu sakafu.

Hapa ilinibidi nijizuie kuandika sentensi kali, kwa sababu ripoti haitegemei visima vya wananchi peke yake. Imependekeza visima vya ufuatiliaji, kimoja upande yanakotoka maji na viwili upande yanakoelekea, mita 50 tu kutoka kwenye dampo. Kimoja cha juu ni cha kulinganishia: kikionyesha chumvi na vya chini vikionyesha chumvi ileile, dampo halihusiki. Kwa kasi ileile, uvujaji ungefika kwenye visima vya chini katika muda wa mwaka mmoja na miezi michache. Cha kwanza kuonekana kingekuwa ongezeko la kloridi na la uwezo wa maji kupitisha umeme, kwa kuwa kloridi husafiri na maji bila kung'ang'aniwa na udongo. Amonia hufuata baadaye. Kwa hiyo uvujaji wa miaka ya uendeshaji utagundulika mapema, mradi vipimo vifanyike na mtu avisome. Muhtasari usipolisema hilo utakuwa umeionea ripoti.

Pengo lililobaki ni la uvujaji unaoanza baadaye: karatasi inayochakaa, mabomba yanayoziba, pampu iliyozimwa kwa sababu bajeti yake imekwisha. Uvujaji wa namna hiyo ukianza baada ya mwaka wa 20 hauna kisima chochote kinachosomwa, na wa kwanza kuugundua atakuwa mwenye kisima cha kunywa, miaka mingi baada ya kampuni kuondoka.

Halafu kuna jambo ambalo mwenzangu alilitoa kwenye kiambatisho. Namba 2 katika kanuni ile, yaani mita 2 kwa siku, ni moja ya matokeo matatu ya majaribio ya kuvuta maji. Mengine mawili yalitoa mita 1 na mita 6. Sura kuu imetumia ile ya katikati bila kutaja nyingine. Tofauti kama hizo ni za kawaida kabisa kwenye mchanga usio wa aina moja, na kuchagua ya katikati si kosa. Ila kwa mita 1 maji yangechukua takribani miaka 49 kufika kwenye visima vya wananchi, na kwa mita 6 yangechukua miaka 8 tu na kidogo. Maji kwa kawaida hufuata njia iliyo rahisi, na ikiwa kuna ukanda wa mchanga wa chembe kubwa unaoungana hadi visimani, namba ya miaka 8 ndiyo itakayohesabika.

Katika muhtasari tumeandika: "Kwa vipimo vilivyomo katika ripoti, maji machafu yangechukua kati ya miaka 8 na 50 kufika kwenye visima vya karibu, na kipimo ambacho ripoti yenyewe imekitumia kinatoa miaka 25. Vipimo vya maji vimeahidiwa kwa miaka 20, kuanzia dampo linapofunguliwa." Kanuni haimo, mita za kwa siku hazimo, na majaribio matatu yamebaki kwenye ukurasa wa nyongeza kwa atakayeyataka.

Jumatano: majibu ya mshauri

Tulimwandikia mshauri maswali mafupi, kila moja likiwa na ukurasa unaohusika. Amejibu kwa uungwana na bila kuzunguka. Kuhusu pampu, amekiri kwamba pampu ya akiba na chanzo cha pili cha umeme havimo katika bajeti, na kwamba alidhani vingeingizwa katika usanifu wa mwisho. Kuhusu miaka 5 baada ya kufungwa, amesema aliichukua kutoka kwenye hadidu za rejea alizopewa. Kuhusu majaribio matatu, amesema ukanda wa mita 6 ulikutwa kwenye shimo moja, na hakuna ushahidi kwamba unaendelea hadi visimani. Tukamwuliza kama kuna ushahidi kwamba hauendelei. Jibu ni kwamba hakuna shimo lililochimbwa kati ya pale na visima.

Majibu haya yalitupa tatizo la uandishi. Muhtasari ni wa ripoti, na majibu si sehemu ya ripoti. Kuyachanganya kungemfanya mjumbe asijue ni kipi kimewasilishwa rasmi na kipi ni mawasiliano ya ofisi. Tumeamua kutenganisha sauti tatu, na kila aya ya muhtasari inaanza kwa kutaja sauti yake: "Ripoti inasema", "Mshauri ameeleza kwa barua", na "Maafisa wamekokotoa". Aya zinachosha kidogo kwa marudio hayo, lakini kwenye kikao mjumbe anapotaka kumbana mtu huwa anahitaji kujua ni nani wa kubanwa.

Pendekezo letu halimo. Tulijadiliana sana juu ya hili, kwa kuwa mwenzangu aliona kwamba kuacha pengo wazi bila kusema lizibwe vipi ni kumwachia mjumbe kazi ya mtaalamu. Tumepata njia ya kati: baada ya kila moja ya zile athari nne kuna mistari miwili au mitatu yenye kichwa "Kamati ikitaka kuweka sharti", inayotaja masharti yanayowezekana na gharama anayobebeshwa nani, bila kusema lipi ni bora.

Ijumaa: kilichoachwa nje

Ndege, kelele, vumbi, ajira, mandhari na msongamano barabarani vimepewa ukurasa mmoja kwa pamoja, sentensi moja au mbili kila kimoja. Gesi imepewa aya nzima kwa sababu ya usalama: karibu nusu ya gesi ya dampo ni methani, ambayo ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 5 na 15 hulipuka ikipata cheche, na ripoti imeweka vipimo kwenye majengo ya dampo bila kuweka kwenye nyumba za jirani.

Sura ya maeneo mbadala ilinipa shida. Ina kurasa 40 na inalinganisha maeneo matatu, lakini mawili kati yake yalishakataliwa kwa sababu za umiliki wa ardhi kabla tathmini haijaanza. Tumeandika hivyo hivyo, kwa sentensi mbili, na ukurasa wake.

Jumanne: kujaribu rasimu kwa wasomaji

Rasimu tumewapa watu wa idara nyingine, wa fedha na wa utumishi, ambao hawajawahi kusoma ripoti ya mazingira. Hatukuwauliza kama imeeleweka, kwani swali hilo hujibiwa "ndiyo" na kila mtu mstaarabu. Tuliwaomba wafunge karatasi na watuambie kwa maneno yao ni kitu gani kikiharibika visima vitakuwa hatarini, na ni nani atakayejua.

Swali la kwanza walilijibu vizuri. Wote walitaja pampu. La pili lilifichua kasoro. Msomaji wa fedha alidhani kwamba ile miaka 25 ni umri wa dampo, na kwamba vipimo vya miaka 20 vinakaribia kulimaliza dampo lote. Namba tatu za miaka, 15, 20 na 25, zilikuwa katika aya moja, na hakuna sababu ya mtu asiyezizoea kuzitenganisha. Tumeziondoa kwenye aya na kuziweka katika mstari mmoja wa wakati, wenye alama nne: dampo linafunguliwa, linafungwa mwaka wa 15, vipimo vinakoma mwaka wa 20, na bendi yenye kivuli kati ya mwaka wa 8 na wa 50 inayoonyesha muda ambao uvujaji wa siku ya kwanza ungeweza kufika visimani. Chini yake kuna sentensi moja: "Uvujaji ukianza baadaye, bendi hii yote inasogea mbele kwa miaka hiyohiyo."

Msomaji wa utumishi naye alisoma "uwezekano mdogo" akaelewa "haitatokea". Tulijaribu kuweka asilimia, tukaacha, kwa sababu ripoti haina asilimia yoyote na kuibuni kungekuwa kuongeza uhakika ambao mshauri mwenyewe hakuwa nao. Badala yake tumehamisha masharti yawe mbele ya hukumu: "Pampu ikifanya kazi muda wote, sakafu ikijengwa kama ilivyochorwa na vipimo vikisomwa, ripoti inaona uchafuzi wa visima kuwa na uwezekano mdogo." Alipoisoma tena, swali lake la kwanza lilikuwa nani analipia umeme.

Alhamisi: kikao cha kamati

Muhtasari ulisambazwa mapema pamoja na ripoti kamili. Mwenyekiti alianza na mstari wa wakati, akamwomba mshauri aeleze kwa nini vipimo vinakoma mwaka wa 20. Mshauri alitoa maelezo yaleyale ya barua. Mheshimiwa mmoja akauliza kama kuna mahali pengine wanapopima muda mrefu zaidi, nasi tulikuwa na jibu kwenye ukurasa wa nyongeza: kanuni za Marekani zinataka uangalizi wa miaka 30 baada ya kufungwa, ingawa muda huo unaweza kurekebishwa, na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1999 kuhusu madampo linataka ada ya kutupa taka itozwe kwa kiwango kinachofidia gharama za kufunga na za uangalizi wa angalau miaka 30 baada yake.

Mjadala ukahamia kwenye fedha, na hapo ulikaa kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Mjumbe mwingine alieleza kwamba kuiandika miaka 30 katika sharti hakusaidii kitu ikiwa mwendeshaji ataondoka mwaka wa 16, na akataka fedha za pampu na vipimo ziwekwe kwenye akaunti maalumu kila mwaka dampo likiwa bado linapokea taka. Hilo lilikuwa miongoni mwa masharti tuliyoyaorodhesha, ila yeye alilifikisha mbali zaidi kwa kutaka manispaa iwe mtia saini wa pili wa akaunti hiyo.

Kamati imependekeza mradi ukubaliwe kwa masharti. La kwanza ni pampu ya akiba na chanzo cha pili cha umeme kabla ya taka kupokelewa. La pili ni uangalizi wa miaka 30 baada ya kufungwa, ukilipiwa kutoka kwenye akaunti hiyo. La tatu ni mashimo mawili ya uchunguzi kati ya dampo na visima ili kujua kama ukanda wa mita 6 unaendelea, na kazi ya ujenzi wa sakafu isianze kabla ya matokeo yake. Kuhusu vipimo vya gesi kwenye nyumba za jirani kamati haikufikia uamuzi, na imetutaka tulete maelezo ya umbali wa kila nyumba kutoka ukingoni. Ramani ya ripoti haionyeshi nyumba zilizojengwa baada ya picha ya angani kupigwa, kwa hiyo kazi inayofuata ni kwenda eneo lenyewe na kuzipima.